Bango limetoka vigae: kutafuta ukubwa wa pikseli kwa umbali wa macho, Buxton na Likoni

Simu iliingia saa nne asubuhi. Aliyepiga ni mteja wetu anayeuza samani za mbao, mzee wa heshima ambaye hana kawaida ya kufoka. Siku hiyo alifoka. "Mwanangu, bango la Buxton mashallah. Lakini hili la Likoni ni aibu. Samadari yangu imegeuka matofali!"

Ajabu ni kwamba mabango yote mawili yalitoka kwenye picha moja, yakachapwa na mashine moja juu ya fleksi ya aina moja. Tena la Likoni ni dogo zaidi. La Buxton, hapa Mombasa, kwenye barabara inayopanda Daraja la Nyali, ni mita 12 kwa 10. La Likoni, ukutani karibu na pale watu wanapojazana kusubiri feri, ni mita 6 kwa 3. Mtu angetarajia dogo ndilo litoke safi.

Nitalifuata tatizo hili kama nilivyolifuata siku ile, kwa sababu malalamiko mengi ya "picha haiko sawa" yanatatuliwa kwa njia hiyo hiyo. Unaanza na dalili, unachukua rula, kisha unapiga hesabu moja ambayo haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Kwanza, ni dalili gani hasa?

Mteja akisema picha ni mbaya, usikimbilie kompyuta. Nenda kwenye bango, usimame pale anaposimama msomaji, halafu rudi nyuma taratibu ukiwa unaitazama picha. Kama vigae vinayeyuka na picha inakuwa safi baada ya hatua kadhaa, pikseli, ile miraba midogo inayounda picha, ni kubwa mno kwa umbali ule wa kwanza. Kama ukungu unabaki vile vile hata ukifika ng'ambo ya barabara, basi picha yenyewe ilikuwa na ukungu tangu ilipopigwa, au kuna mtu ameivuta. Na kama unachoona ni mistari myembamba iliyonyooka, inayokata picha na maandishi kwa pamoja kutoka ukingo hadi ukingo, hiyo si pikseli kabisa. Hapo matundu ya vichwa vya wino yameziba, au fleksi ilikuwa ikivutwa vibaya kwenye mashine, na dawa yake iko kwa mchapaji.

Pale Likoni nilisimama penye umati, kama mita 3 kutoka ukutani. Vigae vilikuwa wazi kabisa kwenye nakshi za ubao wa kichwani, lakini bei na namba ya simu zilikuwa zimekatwa kama kwa wembe. Nilivuka nikaenda kusimama karibu na mama mmoja anayeuza mihogo, kama mita 16 kutoka ukutani, na pale vigae vikapotea. Hizo ni dalili mbili zenye kusema mengi. Maandishi kuwa safi wakati picha ni chafu kunaonyesha kwamba mashine ni nzima, kwa kuwa maandishi yalikwenda kama vekta, yaani mchoro wa mistari usio na pikseli, na mashine ikayachora kwa uwezo wake wote. Vigae kupotea kwenye mita 16 kunatupa kipimo.

Hesabu yenyewe

Jicho zima, lile daktari wa macho analoandika 6/6, linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja katika 60 za digrii. Ukikaribiana na kitu, pembe hiyo inabeba kipande kidogo sana. Ukienda mbali inabeba kipande kikubwa. Kwa umbali wa mita 1 ni milimita 0.29. Kwa mita 10 ni milimita 2.9. Kwa mita 100 ni milimita 29, karibu sentimita 3 nzima. Pikseli ndogo kuliko kipande hicho haionekani kama kigae, kwa sababu jicho linaiunganisha na jirani zake.

```
pikseli (mm) = umbali (m) x 0.29
umbali (m) = pikseli (mm) x 3.44
pikseli za upana = upana wa bango (mm) / pikseli (mm)
```

Mstari wa pili ndio wa kupimia bango ambalo tayari limetundikwa. Nilipanda ngazi nikaweka rula juu ya vigae vya samadari. Vigae 10 vilichukua takriban milimita 46, kwa hiyo kimoja ni 4.6. Zidisha kwa 3.44, unapata 15.8. Ndiyo ile mita 16 ya mama wa mihogo. Rula na macho vikikubaliana namna hii, huna haja ya kuendelea kumshuku mchapaji.

Pima vigae vingi pamoja kisha ugawe, usipime kimoja, kwani wino huvuja kidogo pembeni na kigae kimoja kinadanganya. Tena usichanganye kigae na nukta za wino. Mashine inaweza kuandikwa 360 au 720 kwa inchi, na hizo ni nukta za wino inazonyunyiza ili kupata rangi. Pikseli moja ya picha yetu, yenye milimita 4.6, imejazwa na nukta kama 65 kwa upande mmoja kwenye mashine ya 360. Nukta hizo hazikupi undani wowote ambao haukuwemo kwenye picha.

Umbali upi?

Hapa ndipo wengi wanateleza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mteja akiulizwa bango litaonekana kutoka wapi, atakutajia mbali zaidi: "Ukitoka Kongowea unaliona!" Hilo ni la kujivunia, lakini kwa pikseli halisaidii kitu. Kinachoamua ni msomaji wa karibu zaidi. Akiridhika yeye, wa mbali ameridhika zamani.

Lakini wa karibu zaidi maana yake ni mtu anayelitazama kwa kawaida, si kila apitaye chini yake. Bango la Buxton limeinuliwa, ukingo wake wa chini uko mita 9 kutoka ardhini. Anayepita chini yake hawezi kulitazama bila kuvunja shingo. Dereva naye analipoteza kabla hajalifikia, kwa sababu paa la gari linaliziba, na tuktuk ndiyo mbaya zaidi maana paa lake limeshuka mpaka usoni. Msomaji wa karibu pale ni mtu wa miguu ng'ambo ya barabara. Nilihesabu hatua nikapata mita 24 chini kwa chini. Macho yako mita 1.6 kutoka ardhini, hivyo hadi ukingo wa bango kuna kupanda mita 7.4. Kwa kanuni ile ya pembetatu tuliyofundishwa shule, 24 mara 24 ni 576, 7.4 mara 7.4 ni karibu 55, jumla 631, na kipeuo chake cha pili ni mita 25.

Kimo kina maana zaidi bango linapokuwa karibu. Kwenye mita 24 kiliongeza mita moja tu, lakini mtu akiwa mita 5 kutoka kwenye nguzo, kimo hicho hicho kingempeleka karibu mita 9. Kama huwezi kufika mahali penyewe, ramani ya Google ina `Measure distance`, na itakupa umbali wa chini kwa chini kwa usahihi wa kutosha kazi hii.

Likoni hakuna kimo cha kukuokoa. Bango liko usawa wa macho na watu wanasimama palepale, wengine kwa nusu saa, hawana la kufanya ila kutazama. Nilichukua mita 3 kwa sababu ndipo mstari wa mbele wa umati unapoanzia. Wapo wanaoegemea ukuta wenyewe, na hao siwezi kuwaridhisha.

Tuzipime zote mbili

Buxton, mita 25 mara 0.29 ni milimita 7.25. Huo ndio ukomo, na mimi sipendi kukaa ukomoni. Kuna vijana wana macho makali kuliko 6/6, na jicho ni jepesi mno kugundua ngazi kwenye mstari wa mshazari hata pale linaposhindwa kuona kigae chenyewe. Kwa hiyo nikipata nafasi nagawa kwa mbili: milimita 3.6. Upana wa milimita 12,000 ukigawanywa kwa 3.6 unatoa pikseli 3,333.

Ni hizo tu, kwa bango la mita 12. Watu hukataa kuamini. Picha ya mzee ilipigwa kwa simu ya kawaida, pikseli 4,000 kwa 3,000. Ili ijae umbo la 12 kwa 10 tuliikata pembeni ikabaki 3,600 kwa 3,000, yaani milimita 3.3 kwa pikseli. Vigae vyake vinapotea kwenye mita 11 na nusu, na pale Buxton hakuna anayelitazama kutoka mita 11. Ndiyo maana lilitoka mashallah.

Likoni, mita 3 mara 0.29 ni milimita 0.87. Milimita 6,000 ukigawanya kwa 0.87 unapata karibu pikseli 6,900. Bango ambalo upana wake ni nusu linataka pikseli karibu mara mbili! Na kilichopelekwa kule hakikuwa hata picha nzima. Mzee alipenda nakshi za ubao wa kichwani, akaomba zikatwe peke yake zijaze bango. Kijana wetu wa dizaini akakata, akavuta, akahifadhi. Kile kipande kilikuwa na pikseli 1,300 kwa upana. Ukigawa milimita 6,000 kwa 1,300 unapata 4.6, ile ile tuliyoisoma kwa rula.

Kwa mita 3, pikseli 1,300 zinatosha upana wa mita 1.1 tu.

Lakini kompyuta ilionyesha namba nzuri

Kijana alijitetea, na utetezi wake niliuona kwa macho yangu. Alifungua faili, likasoma pikseli kwa inchi za kutosha, zaidi ya hata zile ninazotaka. Tatizo ni kwamba namba ile aliiandika yeye mwenyewe kwenye `Image Size` huku alama ya `Resample` ikiwa imewekwa. Ukifanya hivyo Photoshop inabuni pikseli mpya kati ya zile za zamani. Faili linanenepa, undani unabaki wa 1,300. Njia nyingine za kuvuta huacha vigae kama vyetu, nyingine hulainisha ikawa ukungu, na huo ukungu ni mgumu zaidi kuukamata kwa kuwa hakuna kigae cha kuwekea rula.

Ukitaka ukweli, omba faili la asili, lifungue `Image Size`, ondoa alama ya `Resample`, kisha andika upana halisi wa bango. Namba ya `Resolution` itashuka yenyewe hadi ile ya haki. Kwenye InDesign ukiibofya picha kwenye `Links` utaona `Effective PPI`, nayo inahesabu ukubwa ambao picha imewekwa kwenye ukurasa. Hata hivyo hiyo nayo inaamini faili ulilolipa. Kama lilishanenepeshwa kabla, itakuripoti unene huo huo.

Kuna jambo la pili linalofanana na hili, nalo ni kipimo cha moja kwa kumi. Mabango makubwa huchorwa kwa kipimo kidogo kwa sababu ukurasa wa kawaida wa PDF huishia inchi 200, yaani mita 5.08, na hata la Likoni halimo. Basi bango la mita 12 unalichora kwa sentimita 120. Pikseli za picha hazibadiliki, zinabaki 3,333, ila pikseli kwa inchi zinapanda mara kumi: zile 7 za ukubwa halisi zinasomeka 70 kwenye mchoro. Aliyeambiwa "weka 7" akaweka 7 kwenye mchoro wa moja kwa kumi, bango lake litakuwa na pikseli za milimita 36, kila moja sawa na biskuti, na atalazimika kusimama mita 124 ili zipotee. Ukikuta vigae vya ukubwa huo, uliza kuhusu kipimo cha mchoro kabla ya jambo lingine lolote. Mimi siku hizi nimeacha kuwaambia wachapaji pikseli kwa inchi. Nawapa idadi ya pikseli za upana, ambayo haijali mchoro una ukubwa gani.

Picha iliyopita WhatsApp

Hii ina dalili yake na nisingependa ichanganywe na ile ya kwanza. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza hadi pikseli kama 1,600 kwa upande mrefu. Kwa bango la mita 12 hiyo ni milimita 7.5 kwa pikseli, inayopotea kwenye mita 26. Kwa hesabu peke yake ingekaribia kufaa Buxton.

Lakini nenda kalitazame. Utaona madoa ya mraba kwenye mbingu, au kwenye ukuta uliopakwa rangi moja, na hayapotei kwenye mita 26. Sababu ni kwamba JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana mipaka ya vipande hivyo hujitokeza. Jicho sasa halitazami kigae cha milimita 7.5, linatazama kipande cha milimita 60. Zidisha kwa 3.44: mita 206. Kwa kweli mpaka wa vipande ni hafifu, si kama nyeupe na nyeusi, hivyo hupotea mapema zaidi ya hapo, ila si kwa mita 26.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Vigae vya pikseli vinaonekana zaidi penye mambo mengi, kama nakshi au nywele au kingo kali. Vya JPEG vinaonekana zaidi pasipo na kitu, penye rangi tulivu, na vinakaa katika mistari iliyopangika. Kuongeza pikseli hakuviondoi, na kuvuta picha kunavikuza pamoja nayo. Muombe mteja aitume upya kama `Document`, au aje na simu yake dukani. Hilo la pili limeniokoa mara nyingi kuliko la kwanza, maana mtu akiambiwa "tuma kama dokumenti" hutuma picha ile ile iliyopita WhatsApp mara mbili.

Mteja anayedai 300

Kuna upande wa pili. Mteja amesoma mahali kwamba uchapaji unataka pikseli 300 kwa inchi, na hakubali chini ya hapo. Namba hiyo ni ya karatasi inayoshikwa mkononi. Kwa bango la Buxton ingekuwa pikseli 141,732 kwa 118,110, karibu bilioni 16.7, na kwa rangi nne za uchapaji bila kubanwa ni gigabaiti 67. Faili tulilochapa lilikuwa megabaiti 43.

Dalili zake hazionekani kwenye fleksi, zinaonekana kwenye kompyuta. Photoshop inakataa kuhifadhi kwa PSD, aina yake ya kawaida ya faili, kwa sababu PSD huishia pikseli 30,000 kwa upande, na inakuelekeza kwenye PSB, ile ya picha kubwa. JPEG nayo haibebi zaidi ya 65,535. Programu ya mchapaji inakwama katikati, na wakati mwingine inatoa bango lenye kipande cheupe. Ukisikia faili limemshinda mchapaji, uliza pikseli zake kabla ya kulaumu mashine.

Mbali halisomeki

Hili nalipita haraka kwa sababu si la pikseli, ingawa huletwa kama la pikseli. Herufi inataka pembe ya dakika 5 ili jicho zima liisome kwa shida, sawa na milimita 1.45 za kimo kwa kila mita. Kusoma kwa raha, nazidisha mara tatu. Namba ya simu yenye kimo cha sentimita 20 inasomeka kwa shida kwenye mita 138, na kwa raha kwenye mita 46 tu. Dereva aliye kwenye kilomita 50 kwa saa anakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo hizo mita 46 ni sekunde tatu na kidogo. Kuongeza pikseli hakutamsaidia huyo. Ongeza herufi.

Bango la taa

Kwenye bango la taa pikseli inanunuliwa pamoja na chuma, huibadilishi baadaye. Linaloitwa P10 lina milimita 10 kati ya taa na taa, kwa hiyo nukta zake zinaungana kwenye mita 34. Kwa barabara pana ni sawa, kwa foleni ya Likoni ni vurugu. Vibao vyake huwa vya milimita 320 kwa 160, kila kimoja taa 32 kwa 16, hivyo bango la mita 5.76 kwa 2.88 lina pikseli 576 kwa 288 basi. Andaa picha kwa idadi hiyo kamili. Ukilipelekea ya 1,920 mashine italazimika kuipunguza yenyewe, na herufi nyembamba zitamegeka. Kama herufi za bango la taa zinakatikakatika huku picha ikiwa nzuri, tafuta hapo.

Tulivyolitibu la Likoni

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutumia picha ya asili nzima na kuipa nafasi inayostahili: pikseli 4,000 mara milimita 0.87 ni mita 3.48. Samadari ingekaa kwenye mita 3.4 za bango, na upande uliobaki ungepakwa rangi moja na kujazwa maandishi ya vekta. Ni njia nzuri na haina gharama. Mzee alikataa. Alitaka nakshi zijaze ukuta, na kusema kweli nakshi zile zilistahili.

Basi tukaenda kupiga upya. Simu ile ile, imesimamishwa wima kwenye stendi, kila picha ikiwa na upana wa pikseli 3,000 na kimo cha 4,000. Tulipiga nne tukisogea kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikipandana na jirani yake kwa theluthi. Ya kwanza inaleta 3,000, na kila inayofuata inaongeza 2,000: jumla 9,000 kwa 4,000. Tatu zingetoa 7,000, ila kuziunga hula kingo na nilitaka nafasi ya kukata. Tulihitaji 6,900 kwa 3,450. `Photomerge` ya Photoshop iliziunga, nasi hatukutumia zoomu ya simu hata kidogo, kwani ile hukata na kuvuta tu kama alivyofanya kijana wetu.

Hapa sikugawa kwa mbili. Kwa mita 3 ingetaka pikseli 13,800, ambayo ni kazi ya siku nzima, na mbao za nakshi zina kingo laini zinazovumilia. Maandishi yangekuwa picha ningegawa bila kuuliza.

Kabla ya kuchapa nalijaribu bango kwenye kompyuta kwa pembe ya msomaji. Gawa upana wa bango kwa umbali wake, zidisha kwa umbali wako na kioo. La Buxton ni mita 12 kwa mita 25, nami hukaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, kwa hiyo nalionyesha kwa upana wa sentimita 29. Hivyo ndivyo mtu wa ng'ambo ya barabara anavyoliona, na mara nyingi unashtuka jinsi lilivyo dogo. La Likoni ni mita 6 kwa mita 3, nalo linadai sentimita 120. Kioo changu kina 53, hivyo ilibidi nilipitishe vipande vitatu. Kwenye kipande cha pili, katikati ya ua lililochongwa, tukaona alama ya penseli ya fundi ambayo haikuwa imepigwa msasa. Mzee aliinama akaitazama kwa muda, akacheka, akasema tuifute kabla haijavuka feri.